Benki Kuu Imeshusha Riba, Mbona Rejesho Langu ni Lilelile?

Julai 2025 Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania iliamua kushusha Riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75. Mtumishi wa umma anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, ambaye alikuwa amekopa benki ili kumalizia nyumba yake ya Nala, alikuwa na haki ya kujiuliza swali moja: mwezi ujao nitakatwa kiasi gani? Kwa wengi jibu lilikuwa kwamba wangekatwa kilekile cha mwezi uliopita, hadi shilingi ya mwisho. Wachache ambao mikataba yao inaruhusu riba kubadilika nao hawakuwa na uhakika wa kupata nafuu yoyote, ingawa makao makuu ya Benki Kuu yako hapa hapa Dodoma. Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, inabidi kwanza kufahamu kwamba riba anayotangaza Gavana si riba ya mkopo wa mtu yeyote wa kawaida.

Hadi mwishoni mwa mwaka 2023 Benki Kuu yetu iliendesha sera ya fedha kwa kupima na kudhibiti wingi wa fedha. Kuanzia Januari 2024 ilihamia kwenye mfumo wa kutumia riba, na riba ya kwanza ikawekwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ikapandishwa hadi asilimia 6, ikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka, kisha ikashushwa kama tulivyoona. Kinacholengwa moja kwa moja na riba hiyo ni bei ambayo mabenki hutozana yenyewe kwa yenyewe yanapokopeshana fedha za siku 7. Benki Kuu hutaka bei hiyo isitoke nje ya pointi 2 za asilimia juu au chini ya riba yake. Kwa hiyo riba inapokuwa asilimia 5.75, mabenki yanatarajiwa kukopeshana kati ya asilimia 3.75 na 7.75. Soko likikauka na bei ikaanza kupanda kupita mpaka, Benki Kuu huingiza fedha kwa kuyakopesha mabenki dhidi ya dhamana za serikali, na fedha zikizidi, hunyonya ziada hiyo.

Basi riba hiyo ni ya siku 7, kati ya benki na benki, tena yenye dhamana ambazo hazina shaka. Mkopo wa nyumba ya Nala ni wa miaka 10, na mkopaji ni mtu anayeweza kuugua, kuachishwa kazi au kufariki. Ndiyo maana mtu akisikia asilimia 5.75 halafu akaambiwa mkopo wake ni asilimia 15, asidhani kwamba tofauti yote ni faida ya benki. Ndani yake kuna gharama ya kuendesha matawi, kuna hasara ya mikopo isiyolipwa, kuna sehemu ya amana ambayo sheria inaitaka benki iiweke Benki Kuu bila kuikopesha, na zaidi ya yote kuna bei ya amana zenyewe.

Hapa ndipo mnyororo unapolegea. Fedha ambazo benki inamkopesha mtumishi wa Nala hazikutoka kwenye soko la siku 7, bali kwa sehemu kubwa zimetoka kwa wateja walioweka amana. Akaunti za hundi na za akiba hulipwa riba ndogo sana au hazilipwi kabisa, kwa hiyo Benki Kuu ikishusha riba yake hakuna cha maana cha kupunguza upande huo. Mashirika na watu wenye fedha nyingi, kwa upande wao, huweka amana za muda maalumu kwa kujadiliana, na benki inayowahitaji hulipa riba inayozidi ya Benki Kuu. Mkataba wa amana ya mwaka mmoja uliosainiwa Mei hauwezi kubadilishwa Julai kwa sababu tu Kamati imekaa na kuamua.

Serikali nayo ni mkopaji, na ni mshindani wa kila mwananchi anayeingia benki kuomba mkopo. Hatifungani za miaka 20 na 25 zilizouzwa mwaka 2024 zilikuwa na riba ya asilimia 15 na ushee kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Meneja wa mikopo anayejua hesabu atajiuliza kwa nini ahangaike na tathmini ya kiwanja, rehani na ufuatiliaji wa mkopaji kwa asilimia 15, wakati Hazina inalipa kiasi kama hicho bila usumbufu. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua riba za mikopo mirefu zinaelekea wapi atajifunza zaidi kwa kutazama minada ya hatifungani kuliko kwa kusubiri tangazo la robo mwaka. Si ajabu basi kwamba tangu mfumo mpya uanze, riba ya Benki Kuu imepanda na kushuka, lakini wastani wa riba za mikopo ya mabenki umeendelea kuzunguka kwenye asilimia 15 hivi.

Tuje sasa kwenye mkataba wenyewe, maana ndio unaoamua ni nani anabeba mabadiliko yakitokea. Katika mkopo wa riba isiyobadilika, benki na mkopaji hukubaliana asilimia moja ambayo itatumika hadi rejesho la mwisho. Riba za soko zikipanda, hasara ni ya benki, na zikishuka, mkopaji anabaki analipa bei ya zamani. Katika mkopo wa riba inayobadilika, asilimia huundwa na sehemu mbili, yaani kiwango fulani cha rejea ambacho husogea, na nyongeza ya benki ambayo kwa kawaida haisogei. Kiwango cha rejea kikisogea, riba ya mkopaji husogea nacho kwenye tarehe za mapitio zilizoandikwa.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Mtumishi wetu amekopa shilingi 40,000,000 kwa miezi 120, riba asilimia 15 kwa mwaka, inayokokotolewa juu ya salio linalobaki. Rejesho lake ni takriban shilingi 645,340 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 500,000, maana asilimia 15 ya milioni 40 ni milioni 6, ambayo ikigawanywa kwa 12 inatoa laki tano. Kwa hiyo kati ya fedha alizokatwa, ni shilingi 145,340 tu zilizopunguza deni. Mwezi unaofuata riba hupungua kidogo kwa kuwa salio limepungua, na sehemu inayolipa deni huongezeka kidogo. Akimaliza miaka 2, atakuwa ametoa karibu milioni 15 na nusu, lakini salio lake bado litakuwa takriban shilingi 35,961,000. Deni limepungua kwa milioni 4 tu na kitu kidogo. Ni vizuri hesabu hii ieleweke vyema, kwa sababu mabadiliko yoyote ya riba hugonga salio, na katika miaka ya mwanzo salio bado ni kubwa.

Sasa tuseme mkopo huo ulikuwa wa riba inayobadilika, na baada ya miaka hiyo 2 riba imepanda hadi asilimia 17. Benki inaweza kufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kuacha muda ulivyo na kupandisha rejesho, ambalo kwa miezi 96 iliyobaki litakuwa takriban shilingi 687,630, ongezeko la shilingi 42,000 hivi kila mwezi. La pili ni kuacha rejesho lilivyo na kurefusha muda. Akiendelea kulipa shilingi 645,340 kwa riba ya asilimia 17, hatamaliza kwa miezi 96 bali 111, yaani mwaka mmoja na miezi mitatu zaidi.

Njia hii ya pili ndiyo inayopita kimyakimya. Mtumishi anatazama hati yake ya mshahara, anaona makato ni yaleyale, anadhani hakuna kilichobadilika, kumbe tarehe ya kumaliza imesogezwa mbele. Kwa watumishi wa umma inakuja kirahisi zaidi kwa sababu utaratibu unataka mtu abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Aliyekopa hadi kikomo hana nafasi ya kuongezewa rejesho, hivyo pa kupitishia ongezeko la riba ni kwenye muda tu. Hiyo ni moja ya sababu zinazofanya mikopo mingi inayolipwa kwa kukatwa mshahara itolewe kwa riba isiyobadilika, kwa kuwa benki isiyoweza kuongeza makato haioni faida kubwa ya riba inayosogea. Kurefusha muda nako kuna mwisho wake. Kwa salio la mfano wetu, riba ikivuka asilimia 21 na nusu hivi, shilingi 645,340 hazitoshi hata kulipia riba ya mwezi, na deni litaanza kukua huku mtu analipa kila mwezi bila kukosa.

Je, aliyechagua riba isiyobadilika amefanya busara zaidi? Inategemea aliuziwa kwa bei gani, maana benki haibebi hatari ya mabadiliko bure. Tuseme siku ya kukopa mtumishi wetu aliwekewa mezani chaguo mbili: asilimia 15 inayoweza kubadilika, au asilimia 16.5 isiyobadilika. Rejesho la ile ya pili ni takriban shilingi 682,570, yaani shilingi 37,000 zaidi kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Ikiwa riba ilipanda hadi asilimia 17 baada ya miaka 2 kama tulivyoona, mwenye riba inayobadilika atalipa shilingi 687,630 tangu hapo, ambayo ni zaidi ya mwenzake kwa shilingi 5,000 tu. Katika miaka 2 ya mwanzo alikuwa ameokoa karibu shilingi 893,000, na katika miezi 96 iliyobaki ataongeza takriban shilingi 486,000. Riba imempandia, lakini amelipa kidogo kuliko aliyejikinga.

Hesabu hugeuka riba ikipanda hadi asilimia 19. Hapo rejesho linafika takriban shilingi 731,200, tofauti na mwenzake inakuwa shilingi 48,000 na zaidi kwa mwezi, na hadi mwisho wa mkopo atakuwa amelipa karibu milioni 3.8 zaidi hata baada ya kutoa alichookoa mwanzoni. Anayechagua riba isiyobadilika, kwa hiyo, hatakiwi kujiuliza tu kama riba zitapanda, bali kama zitapanda mapema na kwa kiasi kikubwa kuliko tofauti anayolipishwa. Kenya, ambako mikopo mingi ya benki hufuata riba inayobadilika, riba ya benki kuu yao ilitoka asilimia 9.5 hadi 10.5 Juni 2023, ikaenda 12.5 Desemba, na 13 Februari 2024. Kwa mkopaji wa aina hiyo, miezi michache ilitosha kuvuruga bajeti ya nyumba. Kwetu riba ya Benki Kuu haijawahi kusogea kwa zaidi ya nusu pointi kwa mara moja tangu mfumo huu uanze, na mfumuko wa bei umetulia, hivyo binafsi ningesita kulipa pointi moja na nusu kwa ajili ya kinga. Ila aliye na mshahara usio na nafasi hata ya shilingi 40,000 hana anasa ya kufikiri kama mimi, na kwake uhakika una thamani nyingine.

Kuhusu ile robo pointi ya Julai 2025, hata kama ingefika yote kwa mkopaji, ingekuwa ndogo. Mkopo wetu wa milioni 40 ukishuka kutoka asilimia 15 hadi 14.75, rejesho hupungua kwa shilingi 6,100 hivi kwa mwezi. Na kwa mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa anayekopa kwa miezi 6 ili anunue mzigo wakati wa mavuno na kuuza bei ikipanda, mjadala huu wa kubadilika na kutobadilika karibu haumhusu, kwa kuwa mkopo utakwisha kabla Kamati haijakaa mara ya tatu. Yeye ataiona riba mpya atakaporudi kukopa msimu ujao. Mama lishe wa Soko la Majengo anayekopa kwa kampuni ndogo ya mikopo yuko mbali zaidi bado. Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, kanuni zimeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 42, na ile mikopo ya kausha damu inayokwepa hata kikomo hicho haitikisiki kwa robo pointi.

Kinachomhusu sana mwenye mkopo mrefu ni maneno ya mkataba, hasa kifungu kinachotaja kiwango cha rejea. Kuna mikataba inayofungamanisha riba na kitu ambacho mkopaji anaweza kukiona mwenyewe, kama vile Riba ya Benki Kuu au riba ya dhamana za serikali za muda mfupi, na hizo huchapishwa. Kuna mingine inayotaja riba ya msingi ya benki husika, ambayo benki yenyewe huipanga. Na kuna inayosema kwamba benki inaweza kubadilisha riba wakati wowote kulingana na hali ya soko. Mwenye mkataba huu wa mwisho, hata kama ukurasa wa kwanza umeandikwa kuwa riba haibadiliki, ana mkopo wa riba inayobadilika kwa hiari ya upande mmoja. Kifungu cha namna hiyo hutumika riba zinapopanda, na husahaulika zinaposhuka. Mahali pengine utakuta riba imefungwa kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo tu, au pamewekwa sakafu ambayo riba haitashuka chini yake ilhali hakuna dari inayoizuia kupanda. Kabla ya kusaini, ni halali kabisa kumwambia afisa mikopo akuoneshe kiwango cha rejea kinasomwa wapi, kinapitiwa lini, na notisi itatolewa siku ngapi kabla ya badiliko.

Kuna mkanganyiko mwingine unaofaa kuondolewa hapa, kwa sababu watu wengi huuchanganya na riba isiyobadilika. Riba kutobadilika ni jambo moja, na namna inavyokokotolewa ni jambo jingine. Mkopeshaji anaweza kutangaza asilimia 9 tu, isiyobadilika, lakini akaikokotoa juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa miaka yote, hata kwa sehemu uliyokwisha kuirudisha. Kwa milioni 40 na miaka 10, riba itakuwa milioni 36, na rejesho shilingi 633,333. Hiyo ni sawa na asilimia 14.5 hivi ya riba juu ya salio. Anayelinganisha 9 na 15 akadhani ameokota dodo chini ya mnazi, anapaswa kulinganisha marejesho badala ya asilimia.

Riba ikibadilika katikati ya mkopo, omba jedwali jipya la marejesho na ulikague kwa hesabu moja: chukua salio la mwezi uliopita, zidisha kwa riba mpya, gawanya kwa 12. Katika mfano wetu, 35,961,000 kwa asilimia 17 inatoa riba ya mwezi ya shilingi 509,400 hivi. Kama safu ya riba kwenye jedwali inapishana sana na kiasi hicho, ama riba iliyotumika siyo uliyoambiwa, ama salio limeongezewa tozo ambazo hazikuelezwa. Kisha tazama mstari wa mwisho na uone ni mwezi gani, mwaka gani.

Mwenye riba isiyobadilika naye anayo njia ya kunufaika bei za soko zikishuka, nayo ni mkopo wake kununuliwa na benki nyingine. Tuseme mtumishi wetu, akiwa na salio la 35,961,000 kwa asilimia 15, anapata benki inayomtaka kwa asilimia 13.5 kwa miezi ileile 96. Rejesho litashuka hadi takriban shilingi 614,500, nafuu ya karibu shilingi 31,000 kwa mwezi. Lakini benki ya zamani inaweza kumtoza kwa kulipa kabla ya wakati, benki mpya itatoza ada ya kuandaa mkopo na bima, na kama kuna rehani, lazima ifutwe na kusajiliwa upya. Gharama hizo zikifika asilimia 4 ya salio, ni karibu shilingi 1,440,000, na itamchukua miezi 47 kuzirudisha kwa nafuu anayoipata. Hilo bado linafaa kwa mtu mwenye miaka 8 mbele yake. Halimfai aliyebakiza miaka 3, na halimfai kabisa yule anayekubali muda urudishwe hadi miezi 120 na kuongezewa milioni chache mkononi, kwa sababu rejesho litaonekana dogo wakati anaanza upya ile miaka ya mwanzo ambayo sehemu kubwa ya anachokatwa ni riba.